Hela Imekatwa, Mzigo Haujaja

Kila aliyewahi kununua umeme wa LUKU kwa simu usiku anaujua ule ukimya. Ujumbe wa malipo umeingia, salio limepungua, lakini zile tarakimu 20 za tokeni hazionekani na nyumba bado iko giza. Wengi tumeshazoea kusubiri, na mara nyingi tokeni huja. Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo akinunua daimondi za gemu, ufunguo wa programu ya kompyuta au kitabu cha kusomea kwenye simu, kikichelewa kidogo tu uvumilivu wote unaisha. Analipa mara ya pili, anafuta gemu na kuipakua upya, kisha anamgombeza wakala wa M-Pesa wa mtaani ambaye hajui hata hilo gemu linaitwaje.

Chanzo cha kuchelewa kwa kawaida ni kilekile. Hela na habari ya hela ni vitu viwili, na havisafiri pamoja. Ukilipa dukani kwa noti, muuzaji anaiona noti mkononi mwake na anakupa bidhaa papo hapo. Mtandaoni hakuna anayeiona hela. Inaondoka kwenye simu yako, inaingia kwenye akaunti ya mtu fulani, halafu mashine inapaswa kumwambia muuzaji kwamba fulani amelipa kiasi fulani kwa ajili ya oda fulani. Habari hiyo ndiyo inayofungua mlango wa bidhaa. Katika malalamiko mengi ya “nimelipa, sijapata”, hela ilifika salama, na kilichokwama njiani ni ile habari.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Kijana wa Morogoro anataka kumnunulia mdogo wake daimondi 100 za Free Fire. Anaingia kwenye tovuti inayouza daimondi na kuandika UID, yaani ile namba ya mchezaji inayoonekana kwenye ukurasa wake ndani ya gemu. Tovuti inamwonyesha jina la mchezaji mwenye namba hiyo. Anachagua kulipa kwa M-Pesa, simu inamletea kisanduku cha kuweka namba ya siri, anaiweka. Ni saa 3:40 usiku. Ujumbe unaingia, una kumbukumbu namba na neno “Imethibitishwa”. Kwenye tovuti, oda imeandikwa Pending. Nusu saa baadaye bado ni Pending, na mdogo mtu ameanza kununa.

Hapa katikati kuna watu ambao kijana hawaoni. Maduka mengi ya mtandaoni hayajaungana moja kwa moja na mtandao wa simu. Yanapitia kampuni inayokusanya malipo kwa niaba yao, kama Selcom kwa Tanzania au Pesapal kwa Kenya. Ndiyo maana jina unalolikuta kwenye ujumbe wa malipo pengine si la duka ulilonunua. Wengi wakiliona jina hilo geni wanashtuka, wanadhani wameibiwa, ilhali ndiyo njia ya kawaida ya hela.

Ukishaweka namba ya siri, mtandao wa simu unakata hela kisha unatuma jibu kwa mfumo uliouomba malipo. Kwa M-Pesa ya Kenya jibu hilo huja na namba inayoitwa ResultCode. Ikiwa 0, malipo yamekamilika. Ikiwa 1032, mteja mwenyewe ameghairi. Ikiwa 1037, simu ya mteja haikupatikana au hakujibu kwa wakati. Jibu hutumwa kwenye anwani ambayo mwenye mfumo ameiandikisha, na kama wakati huo seva yake imezimika, imelemewa au inafanyiwa matengenezo, jibu linagonga mwamba. Hela imeshaingia kwake, lakini daftari lake la oda halijui. Mfumo uliotengenezwa vizuri unarudi kuuliza baada ya muda, “yale malipo yaliishia wapi?”, na ukipata 0 unaachilia bidhaa. Uliotengenezwa kwa haraka unasubiri binadamu aamke asubuhi. Tofauti kati ya daimondi zinazochelewa dakika tano na zinazochelewa siku mbili mara nyingi iko hapo tu.

Kwa hiyo kabla ya kumtafuta mtu yeyote, kijana wetu anapaswa kujua mambo yamekwama wapi, na hili linajulikana kwa kutazama sehemu tatu kwa mpangilio: ujumbe wa malipo, hali ya oda dukani, na gemu yenyewe.

Ikiwa hakuna ujumbe na salio liko palepale, hakuna kilichonunuliwa, na anaweza kujaribu tena bila hofu. Ikiwa salio limepungua lakini ujumbe hauonekani, aangalie taarifa ya miamala kwenye menyu au aplikesheni ya mtandao wake, maana ujumbe wa simu nao huchelewa. Aliyelipa kwa kadi ana jambo la ziada la kuangalia. Benki huweza kuizuia hela kwanza bila kuikabidhi, na kwenye taarifa ya akaunti muamala wa namna hiyo huonekana kama bado unasubiri. Oda ikifa, hela hiyo hujifungua yenyewe baada ya siku kadhaa. Haikuwahi kwenda kwa muuzaji, kwa hiyo muuzaji hana cha kurudisha hata ukimlilia.

Ikiwa ujumbe upo, kumbukumbu namba ipo, lakini oda inasema Pending, basi ni habari iliyokwama, kama kwa kijana wetu. Anayehusika ni duka. Mtandao wa simu ukiupigia utakujibu kwamba muamala wako umefanikiwa, na utakuwa unasema kweli.

Hali ya tatu ndiyo inayosumbua zaidi: oda imeandikwa Completed, na ndani ya gemu hakuna kitu. Hapo duka limetimiza kazi yake kwa jinsi linavyojua, na swali ni daimondi zimekwenda kwa nani. Tarakimu moja ya UID ikikosewa, zinaingia kwa mchezaji mwingine kabisa, pengine mtoto wa Jakarta anayeshangaa bahati yake. Lile jina linaloonyeshwa baada ya kuandika namba limewekwa kwa ajili hiyo, na wengi hulipita bila kulisoma. Kama namba iliandikwa vibaya na mnunuzi, maduka mengi hayarudishi hela, na masharti yao yanasema hivyo kabla hujalipa.

Turudi kwa kijana wetu, ambaye tatizo lake linatibika kwa barua moja nzuri. Wahudumu wa maduka haya hupokea kila siku rundo la ujumbe wa “mbona sijapata??” usio na namba hata moja, na kila ujumbe wa namna hiyo unajibiwa kwa swali, na swali linasubiri jibu, na siku inaisha. Anayeandika kila kitu mara moja anaruka foleni hiyo. Ujumbe wake ungekuwa hivi:

“Habari. Jana tarehe 14, saa 21:40 kwa saa za Afrika Mashariki, nililipia oda namba (iandike hapa) ya daimondi 100 za Free Fire kwa M-Pesa. Kumbukumbu namba ya malipo ni (inakili kutoka kwenye ujumbe). Jina la mpokeaji kwenye ujumbe wa malipo ni (liandike lilivyo). UID ya mchezaji ni (iandike), na jina lililoonekana nilipoiandika lilikuwa sahihi. Hadi sasa oda inaonyesha Pending na hakuna kilichoingia kwenye gemu. Naomba mhakiki malipo kwa kumbukumbu namba hiyo, kisha mkamilishe oda au mrudishe hela kwenye namba iliyolipa.”

Kumbukumbu namba inakiliwa kwa kidole na kubandikwa, haiandikwi kwa kukumbuka, kwa sababu imechanganya herufi na tarakimu, na O ikigeuka 0 mhudumu hataiona kwenye mfumo wake. Skrinshoti iambatishwe, lakini isichukue nafasi ya maandishi, kwani mhudumu hawezi kunakili namba kutoka kwenye picha bila kuikosea. Saa nayo ina mtego wake. Sisi tunasema saa tatu na dakika arobaini usiku, simu inasema 21:40, na seva ya duka la nje ina uwezekano mkubwa wa kusoma 18:40, kwa sababu seva nyingi hufuata saa za kimataifa ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu. Ukiandika “saa 3:40” tu, mhudumu wa Singapore ataanza kutafuta malipo ya alfajiri.

Wakati akisubiri jibu, kijana asilipe tena. Oda mbili za kiasi kilekile, za mtu mmoja, zilizopishana dakika kumi, ndizo zinazomchanganya mhudumu kuliko kitu kingine. Na asiifute gemu. Watoto wengi wanacheza Free Fire kwa akaunti ya mgeni, ile isiyounganishwa na Google wala Facebook. Ukiifuta gemu iliyo na akaunti ya namna hiyo, unaweza usiipate tena akaunti yenyewe, na daimondi zitakuja kwenye nyumba isiyo na mwenyewe.

Anayenunua ndani ya gemu kupitia Google Play yuko kwenye njia nyingine, na kwa maoni yangu ndiyo salama zaidi kwa mtu asiyependa kuandikiana barua na wageni. Risiti ya Google huja kwa barua pepe ikiwa na namba ya oda inayoanza na GPA. Hela ikishapokelewa, gemu inatakiwa kuijulisha Google kwamba imeupokea ununuzi na mteja amepewa kitu chake. Zikipita siku 3 bila Google kupata taarifa hiyo, Google inaufuta ununuzi na kurudisha hela yenyewe. Watu wengi hawajui kanuni hii, na ndiyo inayoeleza yale marejesho ya ghafla yanayomkuta mtu ambaye hata hakulalamika.

Kuna dalili moja ya kuitambua. Ukijaribu kununua tena kifurushi kilekile na Google ikakuambia kwamba tayari unakimiliki, usiudhike. Maana yake ni kwamba malipo yamekamilika na bidhaa iko mlangoni, gemu tu haijaiingiza ndani. Ifunge gemu kabisa, hakikisha akaunti ya Google iliyolipa ndiyo iliyoko kwenye Play Store, kisha ifungue tena ukiwa na mtandao wa kueleweka. Gemu nyingi zikifunguka huuliza kama kuna ununuzi uliobaki njiani, na daimondi huingia hapohapo. Kwenye simu zenye akaunti mbili, ya mama na ya mtoto, tatizo mara nyingi ni kwamba mama ndiye aliyelipa na Play Store imebadilishwa ikawa ya mtoto. Na kama umeamua kuidai hela, wahi: ndani ya saa 48 unaweza kuiomba Google yenyewe, baada ya hapo kwa kawaida utaelekezwa kwa mtengenezaji wa gemu.

Ufunguo wa programu au wa gemu ya kompyuta una tabia yake. Huo ni mstari wa herufi na tarakimu, na “kutofika” kwake mara nyingi ni kufika ukiwa haufunguki. Kabla ya kulalamika ni vizuri kusoma kosa linasema nini hasa. Ufunguo wa Windows una herufi 25 katika mafungu matano ya tano tano, na haujengwi kwa irabu wala tarakimu 0, 1 na 5, kusudi watu wasichanganye. Ukiona O au 0 kwenye ufunguo uliotumiwa, ama umeunakili vibaya ama muuzaji amejitungia.

Kwa ufunguo wa Steam, majibu mawili yanafanana kwa masikio lakini yako mbali kabisa. La kwanza linasema bidhaa hii haipatikani nchini mwako. Ufunguo huo ni mzima, umefungwa tu kwa eneo jingine la dunia, na muuzaji mwaminifu anaweza kukubadilishia. La pili linasema ufunguo umeshatumiwa na akaunti nyingine. Huo umekufa, na kama hukuutumia wewe, basi muuzaji ameuza kitu kimoja mara mbili au naye aliuziwa hivyo. Hapo mpigie picha ukurasa wote wa kosa, tarehe na saa vikionekana, na usijaribu ujanja mwingine. Kadi za zawadi za Google Play nazo zimefungwa kwa nchi: iliyonunuliwa kwa ajili ya Marekani haiingii kwenye akaunti ya Tanzania, hata kama ndugu yako wa Minnesota ameituma kwa moyo mweupe.

Vitabu havisumbui sana. Vikipotea, mara nyingi vimo ndani ya nyumba. Kitabu cha Kindle kinakwenda kwenye akaunti ya Amazon iliyolipa, kwa hiyo mwenye barua pepe mbili aangalie zote, kisha akitume upya kwenye kifaa chake kutoka kwenye orodha ya vitabu vyake katika tovuti ya Amazon. Kitabu kilichonunuliwa kwa makosa hurudishwa ndani ya siku 7. Maduka mengine yanakutumia faili dogo sana lenye mwisho wa .acsm, na simu inakuambia haiwezi kulifungua. Mtu anaapa kwamba ameuziwa faili bovu. Hilo faili si kitabu, ni hati ya kuchukulia kitabu. Lifungue kwa programu ya Adobe Digital Editions ukiwa umeingia kwa akaunti ya Adobe, nalo litakwenda kukichukua kitabu chenyewe.

Kuna hatari moja inayomvizia mtu akiwa katikati ya haya yote. Ukiandika lalamiko lako hadharani, chini ya ukurasa wa duka au wa mtandao wa simu, atajitokeza mtu mwenye nembo nzuri akikuita “mteja wetu mpendwa” na kukupa namba ya WhatsApp. Ni ndugu wa karibu wa wale wa “ile hela tuma kwenye namba hii”. Atataka namba ya siri, au zile tarakimu za uthibitisho zilizoingia kwenye simu yako, au nywila ya gemu, au ulipe kidogo “kufungua muamala”. Duka la kweli linahitaji kumbukumbu namba, namba ya oda na UID. Ukilipa kwa kadi, linaweza kuuliza tarakimu nne za mwisho za kadi. Hakuna urejeshaji wa hela unaohitaji ulipe kwanza.

Na kama muuzaji alikuwa mtu tu wa kwenye kundi la WhatsApp, ukamtumia hela kwa namba yake binafsi, hali yako ni ngumu zaidi. Kwa mtandao wa simu huo ni muamala wa mtu kwa mtu uliokamilika. Kenya unaupeleka ujumbe wa muamala kwenda 456 kuomba urudishwe, Tanzania unaomba kupitia menyu au huduma kwa wateja, na matumaini yako ni kwamba hela bado imelala kwenye akaunti yake. Akishaitoa kwa wakala, kinachobaki ni polisi na uvumilivu.

Aliyelipa kwa kadi ana mlango ambao mlipaji wa simu hana. Hata kadi ya kwenye simu inahesabika, kama ile ya Visa ya M-Pesa GlobalPay iliyoanza Kenya mwaka 2022. Ikiwa duka halijibu, unaweza kuiomba benki au mtoa kadi apinge muamala kwa sababu bidhaa haikuletwa. Kwa Visa muda wa kawaida ni siku 120 tangu muamala ulipopita au tangu siku bidhaa ilipotarajiwa, na kama hakukuwa na tarehe ya kuletewa, benki kwa kawaida husubiri siku 15 kwanza. Watakuuliza ulimwandikia muuzaji lini na alijibu nini, na hapo ule ujumbe wa kijana wa Morogoro unageuka kuwa ushahidi.

Lakini mlango huo usifunguliwe wakati duka bado linashughulikia. Steam, kwa mfano, huifunga akaunti ambayo malipo yake yamepingwa benki, na gemu za simu nazo zina tabia hiyo. Daimondi au ufunguo ukiingia wakati dai lako bado liko mezani, ipigie benki siku hiyohiyo ulifute. Ukinyamaza, hela ya kifurushi kimoja inaweza kurudi huku akaunti yenye gemu za miaka yote ikifungwa.